Kesi ya makaa ya mawe Lamu: angalia tarehe za mikutano

"Lamu walishinda kwa utaratibu tu. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtambo ungewadhuru."

Maneno haya yamesemwa sana tangu tarehe 26 Juni 2019, siku Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, pwani ya Kenya, na kampuni ya Amu Power. Wanaoyasema wana hoja. Mwekezaji aliajiri wataalamu, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyotoka ilikuwa nene. Mikutano na wananchi ilifanyika. NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ilipitia kazi hiyo na kutoa leseni Septemba 2016. Nchi inayotaka viwanda inahitaji umeme, na vijana wa Lamu wanahitaji kazi kama vijana wengine. Mwekezaji aliyekwisha kutumia miaka na fedha akiambiwa arudi mwanzo, ni haki yake kuuliza mikutano mingapi ingetosha.

Swali hilo lina jibu, ila idadi ya mikutano ni sehemu yake ndogo tu.

Ukishika muhtasari wa ripoti ya aina hii, usianze na ukurasa wa faida. Nenda kwenye viambatisho, zilipo kumbukumbu za mikutano na orodha za waliohudhuria. Andika pembeni tarehe ya kila mkutano. Kisha tafuta tarehe ambazo wataalamu walipima maji, hewa, samaki na mikoko, na tarehe ripoti ilipokamilika. Ziweke safu hizo mbili sambamba. Ikiwa mikutano yote imetangulia vipimo, basi wananchi waliulizwa maoni kuhusu athari ambazo hata mtaalamu alikuwa bado hajazijua.

Ndivyo Jopo lilivyokuta Lamu. Mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Ripoti ilipokuwa tayari, na madhara yameshaandikwa pamoja na hatua za kuyapunguza, watu wa Lamu hawakurudiwa ipasavyo ili waelezwe kilichoonekana na wasikilizwe. Kanuni ya 17 ya kanuni za Kenya za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 inamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini na redioni, kisha afanye angalau mikutano mitatu ya kueleza mradi *na athari zake*. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu huwezi kumweleza athari usizozijua. Jopo lilisema bila kuficha kwamba ripoti iliyokosa ushiriki wa umma haina uhai, hata iwe kubwa na nzuri namna gani.

Kwa hiyo anayesema "utaratibu tu" ametenganisha vitu visivyotengana. Chukua mfano wa maji ya kupoza mitambo. Mpango wa Lamu ulikuwa wa kuvuta maji ya bahari, kuyapitisha mara moja, kisha kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Katika ripoti za namna hii, jedwali la athari huandika jambo hilo kwa mstari mmoja: ongezeko la joto la maji ya bahari, ukubwa wa athari ni wa kati, na baada ya hatua za kupunguza ni mdogo. Msomaji wa haraka hulishika neno la mwisho na kuendelea.

Hapo ndipo pa kusimama. Athari imeshuka kutoka "wa kati" hadi "mdogo" kwa sababu gani? Miongozo ya Benki ya Dunia huruhusu joto lipande kwa nyuzi 3 za Selsiasi tu kwenye ukingo wa eneo ambalo maji ya mtambo huchanganyika na ya bahari, na eneo hilo lisipobainishwa, kipimo huchukuliwa mita 100 kutoka bomba linapomwaga. Ahadi inayopimika ingetaja nyuzi, umbali, atakayepima, mara ngapi kwa mwaka, fedha zinatoka wapi, na nini kitafanyika kipimo kikivukwa. Ahadi ya "kufuatilia ubora wa maji mara kwa mara" haina kitu ndani yake ambacho mvuvi anaweza kukidai kesho.

Lakini hata namba zikiwa kamili, kuna jambo ambalo mtaalamu wa modeli hana. Mvuvi anajua kaskazi na kusi huyapeleka maji upande gani, samaki huingia mikokoni lini, na mita 100 hizo zinaangukia juu ya mwamba gani. Akielezwa mahali bomba litakapomwaga, anaweza kusema: hapo ndipo tunapotega. Mstari wa "mdogo" ungeweza kubadilika siku hiyo hiyo. Asipoelezwa, utabiri wenyewe una pengo. Kukosekana kwa mkutano wa baada ya vipimo kunaigusa sayansi ya ripoti moja kwa moja.

Ni vivyo hivyo kwa majivu. Makaa ya mawe yakiungua huacha majivu yenye arseniki, zebaki na risasi, na hulazimika kuhifadhiwa miaka mingi baada ya mtambo kuzimwa. Shimo la majivu karibu na bahari lilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wakazi. Anayekaa hapo ndiye ajuaye maji ya bamvua na mvua za masika hufika wapi.

Wakazi wa Lamu walikuwa pia na sababu ya karibu ya kutoridhika na ahadi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Walikuwa wameshaona bahari yao ikichimbwa kwanza na fidia ikisubiri kesi.

Upande wa pili una nguvu mahali pamoja. Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni marufuku Kenya, na lilimwachia mwekezaji nafasi ya kufanya tathmini mpya akitaka. Ni kweli pia kwamba mikutano inaweza kugeuzwa silaha ya kuchelewesha, na kwamba sauti kubwa ukumbini si lazima iwe ya wengi. Hata hivyo "utaratibu tu" haielezi hukumu yote, maana Jopo lililaumu pia ripoti kwa kutozingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, jambo zito kwa mtambo wa makaa ya mawe. Rufaa ya kampuni nayo ilikataliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi Oktoba 2025.

Lipo suala la lugha, ambalo kwa pwani si dogo. Tanzania, kanuni za 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu utolewe kwa Kiswahili na Kiingereza. Mzee wa Kwasasi anayepewa mabuku ya Kiingereza na kuambiwa alete maoni kwa maandishi hajashirikishwa, hata jina lake likiwa kwenye orodha ya mahudhurio. Unapoisoma orodha hiyo, tazama kilichosemwa baada ya majina: maswali yameandikwa? Kila swali lina jibu? Na jibu hilo limebadilisha mstari gani katika mpango wa usimamizi wa mazingira? Mahali ambapo wananchi waliuliza kuhusu samaki kisha safu ya hatua ikabaki vilevile kama kabla ya mkutano, hapo ndipo pa kuandika barua kwa NEMA, ukitaja ukurasa, kabla muda wa maoni haujafungwa.