Jibu Lilikuwa 5

Aisee ngoja niwape hii maana nimekaa nayo moyoni semista nzima.

Mi nafundisha programu, Python, kwenye chuo kimoja hapa Dar, sikitaji maana mshahara bado nautaka. Pepa zetu za zamani zilikuwa za kukariri tu. Taja aina nne za data, andika sintaksia ya for, tofautisha while na for. Wanafunzi walishazizoea, wana desa lao wanalorithishana tangu enzi za kaka zao, limetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimevimba, wanalimeza usiku, asubuhi wanalitapika kwenye karatasi, wanaondoka na B. Halafu huyo huyo wa B umkalishe mbele ya kompyuta umwambie jumlisha namba nne, anakuangalia kama konda aliyepewa noti ya elfu kumi alfajiri.

Basi testi ya pili nikasema leo mtanijua. Natunga maswali ya kufuatilia kodi ya programu. Nakupa kodi fupi hujawahi kuiona, unashuka nayo mstari kwa mstari, pembeni unachora jedwali lako, saa hizi x ni ngapi, t ni ngapi, mwisho unaniambia kwenye skrini kinatoka nini. Swali la pili unatafuta bagi, yaani kosa lililojificha ndani ya kodi. Desa halikusaidii kitu hapo.

Swali la kwanza nililitunga kwa mapenzi kabisa, karibu jioni nzima kwa mistari saba:

```python
def f(a):
    t = 0
    for x in a:
        if x > 3:
            t = t + x
    return t

print(f([2, 5, 3, 8]))
```

Mnaliona dogo eeh. Jina f nimeliweka makusudi, ningeita jumla_ya_kubwa mtu angesoma jina akabahatisha jibu bila hata kuingia kwenye lupu, ule mzunguko wa for unaopita namba moja moja. Na zile namba nne sikuziokota tu, nilikaa nazo nikizibadilisha badilisha mpaka kila kosa likawa na jibu lake peke yake. Jibu sahihi ni 13, yaani 5 na 8. Ukiniletea 16 najua hujui tofauti ya > na >=, hii ya pili inakubali hata namba iliyo sawa, ndo maana ile 3 nimeitega pale katikati. Ukileta 18 if hukuiona kabisa. Ukileta 2 umehesabu ziko ngapi badala ya kujumlisha. Ukileta 8 unadhani t inafutwa kila raundi inabaki na ya mwisho. Ukileta 0 umedhani x ni nafasi, yaani 0, 1, 2, 3, na hapo hakuna inayozidi 3. Kwa hiyo hata mtu akikosa nilikuwa namsoma ugonjwa wake kama daktari anayeangalia ulimi. Nikairusha kwenye laptopu, 13. Nikajipongeza.

Swali la pili sasa nilikuwa nimechoka, nikaliandika moja kwa moja ndani ya Word, sikulirusha popote. Mkumbuke hapo.

Kesho yake printa ya ofisini wino hakuna, nikachukua flashi nikaenda steshenari moja Mwenge. Mvua inanyesha, foleni ndefu, dada wa steshenari mkarimu balaa. Mi nimesimama pale pale kulinda pepa isivuje, ila kulinda kwenyewe macho yako kwenye simu nabishana na shemeji yangu habari za Simba na Yanga. Nikasikia, "Kaka, kuna mstari ulikuwa umekimbilia nje, nimekunyooshea." Nikamwambia asante sana dada yangu, Mungu akubariki. Sikuinua hata uso. Nikalipa, nikachukua karatasi zangu 64, nikaondoka nimezikumbatia chini ya koti zisilowe.

Testi ikafanyika. Kimya, watu wanachora majedwali, mi natembea katikati ya madawati kama waziri aliyekuja kukagua mradi.

Nikaanza kusahihisha. Mi nasahihisha swali moja kwa karatasi zote ndo nahamia linalofuata, inasaidia usimwonee mtu. Karatasi ya kwanza, 5. Kosa. Ya pili, 5. Ya tatu, 5. Nikafungua makingi skimu yangu, magonjwa yote niliyoyaandika, 5 haipo! Nikaendelea. Mpaka naweka kalamu chini watu 51 wameandika 5, na majedwali yao mazuri kabisa, x = 2, x = 5, t = 5, halafu wamekata mstari wamemaliza. Yule binti anayeongoza darasa 5. Yule anayelala nyuma 5. Ile 3 niliyoitega hakuna aliyeikanyaga, hawakufika hata.

Sasa mtu mwenye akili hapo anajiuliza mbona mahodari na wazembe wote wamekosa kosa moja, tena wamekubaliana namba? Huwa hawakosi hivyo. Kama pepa iko sawa makosa yanatawanyika, huyu 16 yule 18, na wale mahodari wengi wanapata. Ukiona mahodari wamejazana kwenye jibu moja unaloliita kosa, kwanza kagua swali na jibu lako. Hilo nalijua, niliwahi hata kuwafundisha wenzangu ofisini. Ila siku hiyo nilikuwa nishapenda swali langu jamani, na mtu akipenda ndo mnajua tena. Nikajenga nadharia. Nikasema hili ni tatizo jipya, wanafunzi wa Dar wanadhani lupu inasimama ikishapata inachokitafuta. Nikaupa ugonjwa jina, nikauita ugonjwa wa daladala, yaani ukipata siti unaacha kuangalia nyingine. Nikamweleza mkuu wa idara kwenye korido, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Wawili tu waliandika 13. Mmoja wao kijana mpole hivi, hajawahi kutamba darasani hata siku moja. Nikamwita kantini nikamnunulia Stoney Tangawizi baridi, nikamwambia wewe ndo umenielewa.

Siku ya kipindi nikaingia na hasira ya kibaba. Nikawaambia nimesikitika. Nikaandika kodi ubaoni kwa kichwa maana naijua kama jina langu, nikaanza kutembea nayo, x ni 2 haizidi 3 tunapita, x ni 5 t inakuwa 5, SASA HAPA ndo nyie mnashukia, nani kawaambia mshuke? Lupu inaendelea mpaka orodha iishe! x ni 3, x ni 8, t inakuwa 13, ndo tunatoka, return. Dakika ishirini nazungumza, jasho linatoka, feni haifanyi kazi.

Yule binti anayeongoza akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hiyo ya ubaoni siyo iliyokuwa kwenye pepa."

Nikamwambia iliyokuwa kwenye pepa nimeitunga mimi. Akasema ndiyo mwalimu, akaja mbele taratibu na karatasi yake ameishika mikono miwili kama analeta posa. Nikasoma:

```python
def f(a):
    t = 0
    for x in a:
        if x > 3:
            t = t + x
            return t

print(f([2, 5, 3, 8]))
```

Nikasoma tena. Yule dada wa Mwenge! Kumnyooshea kaka wa watu. Yaani kwake ile kodi ilikuwa ngazi, kila mstari unaingia ndani kidogo kidogo, halafu ghafla return imetoka nje imeharibu mpango, akaivuta ikakaa sawa na mwenzake wa juu. Kwa barua ya maombi ya kazi angekuwa amenisaidia sana. Ila Python haina mabano ya kuonyesha kitu kinaanzia wapi kinaishia wapi, inapima kwa nafasi ya mwanzo wa mstari tu, na return ikishaingia ndani ya if basi namba ya kwanza inayozidi 3 ikitokea kazi imekwisha, funksheni inafungwa, 3 na 8 haziguswi. Jibu ni 5. Watu 51 walifuatilia kodi sawasawa kama nilivyowaomba, nikawapa sifuri, nikawapa na ugonjwa.

Nikasema basi, hili nimekosea mimi, 5 ndo sahihi, nitarudia kusahihisha. Darasa likapiga makofi. Nikadhani yameisha, sauti ikatoka nyuma, "Na swali la pili, ticha?"

Swali la pili lilisema kodi hii inatakiwa irudishe namba kubwa kuliko zote, ina kosa moja, litafute na utoe mfano wa orodha inayolionyesha. Kosa lenyewe ni m kuanza na 0, kwa hiyo ukiipa [-4, -9, -2] inakurudishia 0 ambayo hata kwenye orodha haimo, badala ya -2. Dawa yake m ianze na a[0], namba ya kwanza ya orodha. Bagi tamu. Ila Word wakati naandika ilikuwa inanisaidia, kila mstari mpya inadhani ni sentensi:

```
Def kubwa(a):
    M = 0
    For x in a:
        If x > m:
            M = x
    Return m
```

Kosa moja nimeahidi. Mistari sita, kila mmoja una herufi kubwa isiyotakiwa, Python haianzi hata kuisoma hiyo, inakukatalia mlangoni kwenye Def. Na hata ukirekebisha maneno bado M na m ni vitu viwili tofauti. Sasa nani alifaidi? Wale wa desa! Waliokariri kwamba def inaandikwa hivi na for hivi ndo walioorodhesha makosa yote sita kwa furaha, wengine wameongeza na "mwalimu uwe makini". Waliotulia wakatafuta mantiki wakabaki wanajiuliza kama ni mtego. Testi ya kuua kukariri ikawalipa wakariri, na sikuwa na pa kulalamikia maana makosa yalikuwa makosa kweli. Aliyenipa herufi sita na bado akanipa orodha ya namba hasi alikuwa binti mmoja tu, yule yule.

Siku hizi kodi naiweka kwenye pepa kama picha, ikiwa na namba za mistari, hakuna wa kuinyoosha. Na karatasi ikishatoka kwenye printa nampa mwenzangu aichape upya kama anavyoiona kwenye karatasi, airushe, aniambie imetoa nini, makingi skimu simwonyeshi.

Akabaki yule wa soda. Kipindi kimeisha nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa upole, wewe 13 uliipataje wakati kwenye karatasi yako haipo? Akaangalia viatu vyake. "Mwalimu, mi return sikuangalia iko wapi. Kwenye desa huwa inakaa chini ya for, nikaisoma hivyo hivyo."

Nikamwambia basi hapo umekosa. Akakubali, akatembea hatua mbili, akarudi kuuliza kama na soda itakatwa. Nikamwambia chupa aliirudisha? Akasema hapana, iko hosteli. Mwenye kantini alishaniandikia mia tano ya chupa.