Mkondo haujifuti wakati wa kurudi

Binti wa jirani amenionyesha daftari lake, na hasira bado sijaimaliza. Swali: boti yenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia inashuka mto kilomita 60, kisha inarudi. Mkondo ni kilomita 5 kwa saa. Safari nzima ni saa ngapi? Mtoto kaandika 16. Mwalimu kamkosesha na kuandika 12, kwa maelezo kwamba mkondo "unasaidia kwenda na kuzuia kurudi, hivyo unajifuta".

Haujifuti! Kushuka, boti inakwenda 15 kwa saa, yaani saa 4. Kupanda inabaki na 5, yaani saa 12. Tazameni hapo: kupanda peke yake kumekula saa zote 12 ambazo zingetosha kwenda na kurudi ziwani. Hata kama boti ingeshuka kufumba na kufumbua, hizo saa 12 zisingepungua.

Sababu ni kwamba mkondo unaongeza na kupunguza kiasi kilekile cha mwendo, lakini si kiasi kilekile cha muda. Unakusaidia kwa saa 4 tu, halafu unakupinga kwa saa 12. Anayetafuta wastani wa 15 na 5 anazipa safari mbili uzito sawa, wakati moja ni ndefu mara tatu ya nyingine.

Ukitaka kuona uzito wa kosa hili, nenda Mto Kongo. Kisangani hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,700. Kwa mwendo uleule na mkondo uleule wa daftari, kwenda na kurudi kunahitaji takriban saa 453 za injini, si 340. Injini inakunywa dizeli kwa saa, haijali umbali uliosogea. Aliyenunua mafuta ya saa 340 atakwama njiani akiwa anapanda, abiria na mizigo juu yake.

Nakubali kwamba mto wa kweli hauna mkondo mmoja. Manahodha hushuka katikati kwenye maji ya kasi na hupanda karibu na ukingo ambako maji ni mapole, kwa hiyo hasara hupungua kiasi. Lakini ukingoni kuna mafungu ya mchanga, na hasara haiishi.

Na mwalimu asigawanye jumla ya umbali kwa jumla ya saa akidhani amepata mwendo wa boti: 120 kwa 16 ni 7.5, jibu lisilo la boti wala la mkondo. Tafuta kwanza mwendo wa kila upande, 15 na 5. Nusu ya jumla yake ni boti, 10. Nusu ya tofauti yake ni mkondo, 5. Mtoto yule alikuwa amefanya hesabu ya kuhakiki hivyo hivyo, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa. Arudishiwe alama zake.