Kuruka au kujibu kwa mpangilio: hesabu ya dakika katika mtihani wa mchujo wa ajira

"Kwenye mtihani wa mchujo, niruke maswali magumu au nijibu kwa mpangilio?"

Wanaotetea mpangilio wana hoja. Kurudi kwenye swali uliloliacha ni kulisoma upya, na muda huo haurudi. Isitoshe, mitihani inayobadilisha ugumu kulingana na majibu yako kwa kawaida haikuruhusu kurudi nyuma, kwa hiyo huko suala la kuruka halipo kabisa.

Penye ruhusa, tuchukue awamu ya hesabu yenye maswali 20 kwa dakika 20, yaliyogawanywa katika majedwali matano, kila moja na maswali manne. Jedwali la kawaida lakula dakika 1 kulielewa na sekunde 45 kwa kila swali, jumla dakika 4. Sasa jedwali la pili ni gumu: dakika 2 kulisoma, dakika moja na nusu kwa kila swali, jumla dakika 8. Ukienda kwa mpangilio, muda unaisha ukiwa umemaliza majedwali manne. Umejibu 16, na la tano, ambalo ni jepesi, hukuliona.

Ukiliruka lile gumu mapema, unapata 16 zile zile kwa dakika 16. Dakika 4 zilizobaki zinatosha kulisoma na kujibu swali moja, kisha unabahatisha matatu. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Na ukiliruka baada ya kulisoma kwa dakika 2, faida yote imepotea, kwa sababu utakaporudi utalisoma tena na muda utaisha hapo hapo.

Ndiyo maana naamini uamuzi ufanywe kwa jedwali zima, si kwa swali moja moja, tena ndani ya sekunde 15 za kwanza. Tazama vipimo: je, safu moja iko katika maelfu na nyingine katika asilimia? Je, kila swali linahitaji hatua tatu? Ukishalisoma lote, baki nalo, maana gharama ya kulisoma umeshailipa.

Kubahatisha nako kunategemea kanuni, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Kama jibu lisilo sahihi halikatwi alama, usiache swali tupu hata moja. Kama linakatwa robo alama na machaguo ni matano, kubahatisha kiholela hakukupi kitu wala hakukunyang'anyi kwa wastani. Ukiweza kuondoa chaguo moja kwa uhakika, hapo kunaanza kulipa.

Mara nyingi muda unaookoa awamu moja hauhamii nyingine, na waajiri wengine huweka alama ya chini kwa kila awamu. Pakiwa hivyo, kumaliza hesabu mapema hakukusaidii kwenye awamu ya lugha. Tumia dakika hizo kulirudia jedwali uliloliacha.