Rangi ya Miezi 40: Dipoziti Yangu na Orodha ya Makato

Nilipohama nyumba ya vyumba viwili niliyokuwa nimepanga Nairobi, nilikuwa nimeshaipigia hesabu dipoziti yangu ya shilingi 22,000. Nilitaka kuilipia nyumba ya pili. Siku ya tisa nikaletewa karatasi na wakala: rangi ya nyumba nzima 14,000, shawa ya umeme 3,500, kitasa cha mlango 2,000, kabati la jikoni 2,500, usafi 2,500. Jumla 24,500. Kwa hiyo dipoziti ilikuwa imekwisha, na eti mimi ndiye niliyebaki na deni la 2,500.

Wapangaji wengi wakifika hapo hugombania bei. Wanasema rangi haiwezi kuwa 14,000, wakala anashusha hadi 11,000, wanaagana kila mmoja akidhani ameshinda. Mimi naona hilo ndilo kosa letu kubwa. Ukianza na bei, umeshakubali kwamba rangi hiyo ni juu yako. Cha kuuliza kwanza ni umri wa kitu na hali kilivyokuwa siku unapewa ufunguo. Bei ije mwisho kabisa.

Dipoziti ni pesa yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Anaweza kukata kodi uliyobakisha, bili usizolipa, na hasara uliyosababisha wewe. Nyumba kuzeeka si hasara uliyosababisha. Mikataba mingi ya Kenya hutaja jambo hili yenyewe, kwamba mpangaji atairudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua, alama nyeupe pale palipokuwa na fremu ya picha, sakafu iliyopoteza mng'aro mlangoni, yote hayo ni uchakavu wa kawaida, na kodi ya kila mwezi ndiyo inayoulipia.

Basi nikaichukua orodha, kipengele kimoja baada ya kingine, na kujibu kwa maandishi.

Rangi ndiyo iliyonichukua muda. Nilikaa humo miezi 40. Niliingia nyumba ikiwa imepakwa upya, hilo sikulikana. Kweli pia ukuta mmoja wa sebule ulikuwa na michoro ya krayoni ya mwanangu na matundu sita ya misumari ya televisheni. Krayoni si uchakavu wa kawaida. Lakini ukuta mmoja si nyumba nzima. Nikamwita fundi wa rangi, akaniandikia 3,000 kwa ukuta ule, vifaa na kazi. Kisha nikauliza: rangi ya ndani tuipe maisha ya miezi 60. Mimi nimeshaishi nayo 40, imebaki 20, yaani theluthi moja. Theluthi ya 3,000 ni 1,000. Nikaongeza 500 ya kuziba matundu, kwa kuwa matundu hayana umri. Nikatoa 1,500 mahali pa 14,000.

Hiyo miezi 60 ni kadirio langu, na wakala angeweza kusema 72 au 84. Nguvu ya hoja haiko kwenye namba yenyewe. Iko kwenye kumlazimisha mwenzako aeleze ni kwa nini rangi ya miaka mitatu na zaidi ilipwe kama iliyopakwa jana.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa wazi. Kuna mikataba yenye kifungu kwamba mpangaji atapaka nyumba rangi kabla ya kutoka. Ukitia sahihi hapo, hoja ya umri inalegea sana. Hata hivyo kisome neno kwa neno. Kikisema *utapaka*, basi kazi ni yako kuifanya, kwa fundi wako na bei yako, ndani ya ule mwezi wa notisi. Uliza mapema rangi gani wanaitaka, paka, piga picha. Ukitoka bila kupaka, umewapa wao nafasi ya kukuchagulia fundi. Mkataba wangu haukuwa na kifungu hicho.

Shawa ilikuwa imeungua elementi. Maji ya jengo lile ni ya kisima, yana chumvi, na chumvi huacha ukoko mweupe juu ya elementi mpaka inakufa. Picha niliyopiga siku ya kuingia inaonyesha shawa ileile, tayari imegeuka manjano. Nikaiambatanisha, nikaandika sifuri. Kabati lilikuwa limevimba chini ya sinki hadi bawaba zikang'oka. Hilo lilitokana na bomba lililovuja, na nilikuwa nimemwandikia msimamizi wa jengo mara mbili kwa simu, tarehe zinaonekana. Mwenye bomba alijulishwa akanyamaza. Sifuri. Usafi, nilimlipa mama mmoja akasugua nyumba yote, nikapiga video nikipita chumba kwa chumba, nikafungua mabomba, nikamalizia kwenye mita ya umeme, nikamtumia wakala jioni hiyohiyo. Sifuri.

Kitasa kilikuwa changu. Nilipoteza funguo mbili. Nikaomba risiti, ikaja ya 1,200, si 2,000. Nikakubali 1,200. Naamini kukubali kile kilicho chako ndiko kunakofanya mengine yasikilizwe.

Jumla ya makato niliyoyakubali ikawa 2,700. Nikadai 19,300, nikatoa siku 14, nikaandika kwamba zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo wengi hawaijui. Ilianza kazi mwaka 2021 pale Milimani, Nairobi, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Dai lako ni la pesa zako zilizoshikiliwa na mtu mwingine. Watu humwelekeza mpangaji kwenye Baraza la Kodi za Nyumba, lakini sheria ya baraza hilo inahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba za namna hiyo Nairobi ni chache mno leo.

Wakala alikaa kimya siku kumi. Kisha akapiga simu, akitaka tuongee. Nikamwomba aandike. Akaandika kwamba shawa, kabati na usafi wameviondoa, ila ukuta lazima niulipe wote, 3,000. Ningeweza kuendelea kubishania ile 1,500. Sikuendelea, kwa sababu krayoni ilikuwa ya mwanangu na nauli za kwenda mahakamani zingeimeza. Makato yakawa 4,200, nikarudishiwa 17,800 wiki ya sita baada ya kuhama.

Najua kwa nini watu wengi hukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho na kusema "kateni kwenye dipoziti". Wameumwa. Siwalaumu, lakini mimi sikufanya hivyo, kwa kuwa ningekuwa na deni la kodi mkononi mwao wakati nataka kuwauliza kuhusu rangi.

Nyumba ninayokaa sasa, siku ya kuingia nilizunguka na msimamizi, tukaandika kwenye karatasi moja kila ufa na kila doa, tukatia sahihi wote wawili. Nilimuuliza pia rangi ilipakwa lini. Akacheka, akasema hakuna mpangaji aliyewahi kumuuliza hivyo. Kisha akaandika mwezi na mwaka.