Printa, Bosi na Ukurasa Mmoja

Ofisi yetu ina watu wanane, feni moja, na printa inayotafuna karatasi kama mbuzi. Kila siku mimi ndiye wa kukimbizwa steshenari na flashi mkononi. Nikasema basi, naandika andiko tununue mpya.

La kwanza lilikuwa kurasa tisa. Utangulizi, usuli, hadi umuhimu wa mawasiliano kwa binadamu! Bosi alilisoma huku anakula andazi. Akafika ukurasa wa pili, akauliza, “Kwa hiyo unataka nini?” Hela nilikuwa nimeiweka ukurasa wa nane. Siku iliyofuata nikaliona andiko langu limefunikia bakuli la maharage.

Safari hii nikatumia ukurasa mmoja, na ombi likakaa mstari wa kwanza kabisa: “Naomba 1,200,000 za kununua printa kabla ya tarehe 30, kutoka fungu la vifaa vya ofisi.” Hilo fungu nilimuuliza mama mhasibu kabla sijaandika neno, maana ukiomba hela bila kusema inatoka wapi, unamwachia bosi kazi ya kuitafuta, naye hiyo kazi haitaki.

Chini yake nikaweka hasara. Sikuandika “tunapata usumbufu mkubwa”. Usumbufu hata daladala tunaupata. Nilikusanya risiti za miezi mitatu za steshenari: 630,000, yaani 210,000 kwa mwezi. Halafu nikaeleza kwa nini hatutengenezi hii iliyopo: fundi kaja mara tatu, kila mara 60,000, na mbuzi bado anatafuna. Hilo usipolisema mwenyewe, mtu atalisema kwenye kikao ukose jibu.

Nikamalizia kwa majigambo: printa itarudisha hela yake ndani ya miezi sita!

Mama mhasibu akashusha miwani. “Baba, hiyo mashine itakunywa maji?”

Wino! Karatasi! Nilivisahau kabisa. Tukapiga hesabu upya: wino na karatasi 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo tunachookoa ni 120,000, siyo 210,000. Miezi kumi. Nilitaka kuificha ile kumi, inatia aibu ukishaizoea sita. Akanikatalia. Alisema bosi akija kuigundua mwenyewe mwezi wa saba, ombi langu lijalo atalifunikia mboga bila kulisoma.

Profoma tatu za bei nikazibana nyuma, zisile nafasi. Chini kabisa nikachora mistari miwili: “Nimeidhinisha” na “Sijaidhinisha, kwa sababu…” Mtu mvivu wa kuandika sababu huyo, nilimjua.

Akasaini pale pale, amesimama. Dakika nne! Mimi nimeteseka miezi mitano.

“Safi,” akasema, “toa nakala tatu, moja ya mhasibu, moja ya faili, moja yangu.”

Nikachukua flashi… aa, nakala haitaki hata flashi. Nikachukua kofia, nikaenda steshenari. Shilingi mia tatu, na risiti nikadai.