Hati ya makabidhiano: kuzima ni rahisi, kuwasha ndiko kwenye mtego

"Naenda likizo ya siku 28 na mwenzangu atabaki na mfumo unaoposti matangazo ya ofisi wenyewe, mara tatu kwa siku. Nimwandikie kila kitu, au nimwonyeshe tu pa kuuzima?"

Wanaotetea hati ndefu wana hoja ya kweli. Anayejua kuzima tu atazima kwa kila kinachomtia shaka, hata picha ikichelewa kupanda kwa dakika mbili, na ukurasa utakaa kimya wiki nzima wakati mwenye nao akiwa kijijini ambako simu inashika mtandao kwa bahati. Lakini hati ya kurasa kumi na tano haisomwi usiku, na usiku ndipo inapohitajika. Machi 17, 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza usiku kifo cha Rais Magufuli, kila ofisi iliyokuwa na tangazo la ofa lenye vikaragosi vya kucheka likisubiri asubuhi ilikuwa na saa chache tu za kulizuia. Katika hali kama hiyo kaimu hahitaji kujua mfumo ulijengwaje. Anahitaji mstari mmoja wa kufanya, na ruhusa iliyoandikwa ya kuufanya bila kumpigia mtu yeyote.

Kwa hiyo naegemea upande wa hati fupi, ila kwa sharti ambalo nililijifunza vibaya. Mwenzangu wa duka moja la Kariakoo, ambalo nilikuwa nalitunzia mfumo wa namna hii, aliuzima Jumatatu usiku kama nilivyomwandikia, kwa kuweka alama ya # mwanzoni mwa mstari wa ratiba:

```
# 0 4,10,15 * * * /opt/posti/tuma.sh
```

Alhamisi saa 4 asubuhi akaiondoa alama hiyo, akasubiri kidogo, akaona hakuna kilichotokea, akaenda zake kula. Saa 7 mchana yakatoka machapisho manane kwa mkupuo: matatu ya Jumanne, matatu ya Jumatano na mawili ya siku hiyo, likiwamo lililosema "leo Jumanne tu". Hakukosea yeye. Skripti ilikuwa inachukua kila chapisho ambalo muda wake umefika na bado halijatumwa, na kuzima ratiba hakuigusi foleni. Saa zinaendelea kupita, na yaliyopitwa yanalimbikizana yakisubiri mlango ufunguliwe. Hati yangu ilieleza kuzima kwa sentensi mbili na haikusema lolote kuhusu kuwasha.

Tangu hapo sehemu ya kuwasha ndiyo ninayoiandika kwa urefu. Kabla ya kuondoa alama ile, kaimu aitoe kwenye foleni kila posti iliyopitwa, kisha yeye mwenyewe achague ipi inafaa kupangiwa muda mpya:

```
UPDATE foleni SET hali='imepitwa'
WHERE hali='inasubiri' AND muda < NOW();
```

Baada ya hapo ahesabu zilizobaki zenye muda wa leo. Kwa mfumo wa posti tatu kwa siku, akiona zaidi ya tatu asiwashe.

Jambo la saa nalo lisiachwe kwenye kumbukumbu ya mwenye mfumo. Namba 4, 10 na 15 katika ratiba ile ni za seva inayofuata UTC, na Dar es Salaam iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni 07:00, 13:00 na 18:00, ambazo sisi tunaziita saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni. Ukimwandikia mtu "saa 1" peke yake, akiwa na haraka ataandika 1 kwenye ratiba, na posti itatoka saa 10 alfajiri. Iandikwe kwa namna zote tatu, hata kama inaonekana ni kumdharau msomaji.

Upande wa hati ndefu unashinda katika hoja moja ambayo hati fupi haiwezi kuikwepa, nayo ni mtandao kukatika katikati ya kutuma. Skripti isipopata jibu hurekodi kuwa imeshindwa, ilhali posti inaweza kuwa imeshapanda. Kaimu akirudia, inatoka mara mbili. Hapo lazima aelezwe aufungue ukurasa wenyewe na kuutazama kabla ya kurudia, asiamini rekodi za seva.

Nywila zisiwekwe humo. Kaimu apewe akaunti yake. Na ajaribu kuingia nayo kabla mwenye mfumo hajapanda basi, kwa sababu ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS mara nyingi huangukia kwenye laini ya yule yule anayeondoka.