Desemba au Juni: kampuni ndogo ya chumvi Bagamoyo ifunge hesabu lini?

"Habari zenu. Tumesajili kampuni ndogo hapa Bagamoyo, tunanunua chumvi ya mabwawa, tunaitia madini joto na kuifungasha. Mhasibu wetu anasema tufunge mwaka Desemba 31 kama watu wote. Mwenzangu anataka tufunge Juni 30 kama serikali. Nani tumsikilize?"

Hoja ya kufuata serikali tuiweke pembeni kwanza. Serikali inaanza mwaka wake Julai 1 kwa sababu bajeti husomwa Juni na Sheria ya Fedha huanza kazi Julai. Kampuni ya chumvi haina bajeti ya kupitishwa bungeni. Faida ndogo iliyopo ni kwamba mabadiliko mengi ya kodi huanza Julai 1, na anayefunga Juni hayakuti katikati ya mwaka wake. Hiyo peke yake haitoshi kuhamisha mwaka.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kodi ya Mapato inamwekea kila mtu mwaka wa mapato wa kalenda, Januari 1 hadi Desemba 31. Kampuni inaweza kumwandikia Kamishna wa TRA kuomba miezi 12 mingine, na Kamishna atakubali akiona kuna haja ya msingi, tena anaweza kuweka masharti. Mfanyabiashara binafsi hana mlango huo, yeye ni Desemba tu. Nyinyi mmesajili kampuni, kwa hiyo mnaweza kuomba, lakini mpaka mpate jibu la maandishi mko kwenye kalenda, hata kama mmeshaandika Juni kwenye vitabu vyenu.

Sasa tuiangalie chumvi yenyewe, maana jibu liko kwake. Masika, Machi hadi Mei, mabwawa hujaa maji ya mvua na uvunaji husimama. Kuanzia Juni jua na upepo wa kusi hurudi, na mavuno makubwa huendelea mpaka vuli inapoingia. Anayenunua kwa akili hujaza ghala Agosti hadi Oktoba, bei ikiwa chini, akauza polepole mpaka masika, ambapo chumvi mpya hakuna na bei hupanda. Kwa hiyo Desemba 31 ghala lenu lina mali nyingi, na Juni 30 karibu ni tupu.

Tofauti hiyo inauma siku ya kuhesabu. Chumvi ambayo haijafungashwa hukaa rundo, na rundo halihesabiki kama magunia. Njia ya kawaida ni kulipima kama umbo la koni: zungusha kamba chini upate mzingo, pima kimo, tafuta ujazo, kisha zidisha kwa uzito wa ujazo. Uzito huo msiuchukue kitabuni. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa chumvi ya rundo hilohilo, isawazisheni kwa ubao, ipimeni kwenye mizani. Ikitoa kilo 22 bila ndoo, basi mita moja ya ujazo ina tani 1.1. Rundo lenye mzingo wa mita 22 lina nusu kipenyo cha mita 3.5, na likiwa na kimo cha mita 2.4 hesabu ni hii:

```
1/3 x 22/7 x 3.5 x 3.5 x 2.4 = mita za ujazo 30.8
30.8 x 1.1 = tani 33.9
```

Kamba ikilegea, au chumvi iliyomwagika pembeni ikahesabiwa kama ukingo wa rundo, nusu kipenyo kikasomeka 3.7 badala ya 3.5, rundo linakuwa tani 37.9. Sentimita 20 zimezaa tani nne ambazo hazipo. Tena Desemba chumvi imetoka kunyeshewa na vuli, ina unyevu, na ndoo yenu itapima maji pamoja na chumvi. Dalili ya kosa hili huonekana baadaye: mnauza rundo lote na magunia yaliyotoka ni machache kuliko vitabu vinavyosema, mkaanza kumshuku mlinzi ilhali kosa lilikuwa la kamba.

Tuseme chumvi imewagharimu shilingi 120,000 kwa tani mpaka ghalani. Desemba mna tani 180, na mmekosea asilimia 10 kwenda juu. Tani 18 za hewa ni shilingi 2,160,000 za faida isiyokuwepo, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 juu yake ni 648,000. Juni mna tani 15. Kosa lilelile la asilimia 10 ni tani moja na nusu, shilingi 180,000, kodi 54,000.

Hapo mwenzako angesema ameshinda, lakini mhasibu ana jibu zuri na ni haki alisikie kila mtu. Mali ya kufungia mwaka huu ndiyo mali ya kufungulia mwaka ujao. Zile tani 18 zikiongeza faida mwaka huu, zinaipunguza mwaka unaofuata kwa kiasi kilekile, na kodi mliyoilipa mapema hurudi kwa mlango huo. Hasara yenu halisi ni fedha iliyotoka kabla ya wakati wake, na faida ambayo huenda mmeshagawana kabla hamjajua haipo. Ni tatizo, ila si la kudumu, na kuna dawa rahisi kuliko kubadili mwaka: fungasheni chumvi yote kwenye magunia ya kilo 50 kabla ya Desemba 31 na myapange kwa safu zinazohesabika.

Hoja nyingine inayotolewa sana kwa ajili ya Juni ni kwamba inahamisha tarehe za kulipa kodi. Hapa watu wengi wanakosea. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wa mapato. Anayefunga Desemba hulipa Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Anayefunga Juni hulipa Septemba 30, Desemba 31, Machi 31 na Juni 30. Ni tarehe zilezile, zimeanzia mahali pengine tu. Ile awamu ya Septemba 30, inayowakuta fedha zote zimelala kwenye chumvi, mtaikuta kwa vyovyote. VAT na PAYE nazo ni za kila mwezi, haziujui mwaka wenu kabisa. Kinachohama ni tarehe ya ritani ya mwisho pamoja na hesabu zilizopitishwa na mhasibu mwenye CPA: miezi sita baada ya kufunga, yaani kutoka Juni 30 kwenda Desemba 31. Hilo lina nafuu yake, kwa sababu kuelekea Juni ofisi za wakaguzi hujaa kazi za wanaofunga Desemba, na mteja mdogo ndiye husubiri.

Kwa maoni yangu hoja nzito ya Juni ni nyingine, na haisikiki ikisemwa mara nyingi. Ukifunga Desemba, mwaka mmoja wa hesabu unachanganya misimu miwili. Unauza wakati wa masika chumvi uliyoinunua mwaka jana, kisha Agosti unanunua ya mwaka huu. Faida ya mwaka 2025 inakuwa nusu ya msimu ule na nusu ya msimu huu. Ukiulizwa kama chumvi ya msimu fulani ilikulipa, taarifa ya mwaka haikujibu. Ukifunga Juni, chumvi iliyonunuliwa Agosti na kuuzwa Aprili iko ndani ya mwaka uleule, gharama na mauzo yake yamekaa pamoja. Makadirio ya kwanza nayo hupelekwa Septemba 30, mkiwa mmeshajua bei ya sehemu kubwa ya ununuzi wenu. Kwenye kalenda hupelekwa Machi 31, kabla msimu mkubwa wa mabwawa haujaanza. Makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka, lakini kukadiria chini kunazaa riba.

Gharama ya kuhama iko kwenye miezi ya katikati. Mkitoka Desemba kwenda Juni, Januari 1 hadi Juni 30 inakuwa mwaka wa mapato unaojitegemea, wenye makadirio yake, ukaguzi wake na ritani yake. Uchakavu wa mashine ya kufungashia mtaupata kwa siku 181 tu kati ya 365. Na miezi hiyo ndiyo ya mauzo ya masika, karibu bila manunuzi ya msimu. Tuseme imeleta faida ya shilingi 12,000,000, kodi yake ni 3,600,000. Kwenye mwaka wa kawaida kodi kama hiyo ingegawanywa 900,000 mara nne. Kwenye miezi sita inalipwa 1,800,000 Machi 31 na 1,800,000 Juni 30, wiki chache kabla hamjahitaji fedha za kununulia. Kampuni changa inaweza kukwama hapo, na ikakosa chumvi ya bei ya chini kwa ajili ya tarehe nzuri ya kufunga vitabu.

Kwa hiyo mhasibu yuko sahihi kwa mwaka huu, na mwenzako yuko sahihi kwa kampuni itakavyokuwa. Kuna sababu moja zaidi ya kusubiri: haja ya msingi huthibitishwa kwa rekodi, na kampuni mpya haina. Fungeni Desemba hii. Kuanzia sasa andikeni kila mwisho wa mwezi tani zilizonunuliwa, zilizouzwa na zilizobaki, pamoja na bei. Msimu mmoja ukikamilika, jedwali hilo la miezi 12 ndilo mtakaloambatanisha na barua. Kama kilele cha ghala lenu ni tani 30 tu, au mnauza mwezi huohuo mnaonunua, msihangaike, bakini Desemba.

Mkiomba, barua itaje TIN, mwaka wa sasa, mwaka mnaouomba na tarehe ya kuanza, na ipelekeni mapema. Msiguse programu ya hesabu kabla ya jibu. Kwenye QuickBooks Online kuna sehemu iliyoandikwa `First month of fiscal year`. Ukiibadilisha kuwa `July`, miamala haifutiki, ila mstari unaotenganisha faida ya mwaka, `Net Income`, na faida iliyolimbikizwa, `Retained Earnings`, unahama hata kwenye taarifa za miaka iliyopita, na mizania mliyokwisha kuikabidhi TRA au benki haitafanana tena na inayotoka kwenye kompyuta. Chapisheni mizania ya Desemba 31 na kuihifadhi kwenye PDF kwanza, ndipo mbadilishe.